Somo: Kulijibu swali la mtanziko wa kimaadili katika maombi ya kazi na masomo ya afya

Kama unaomba kusomea uuguzi, ukunga au udaktari, au unaomba kazi ya kuhudumia wagonjwa na wazee hapa Sydney, ipo siku utakutana na swali linalofanana na hili: "Eleza mtanziko wa kimaadili uliokutana nao katika utafiti au katika kazi ya tiba, na ulichojifunza." Wengine hulikuta kwenye fomu, na hupewa nafasi ndogo ya kuandika, labda maneno 300. Wengine huulizwa ana kwa ana, mbele ya watu wawili au watatu. Wanaoomba udaktari wanaweza kuulizwa katika usaili wa vituo vifupi, ule uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada. Humo mwombaji huhama kutoka meza moja hadi nyingine, na kila meza ina swali lake na dakika zake chache.

Hapa Auburn, ninapokaa na familia kujaza fomu, hili ni swali ambalo watu wetu huliacha wazi. Mtu amejaza kurasa sita vizuri, akifika hapo anaweka kalamu chini. Ukimuuliza, anasema: "Mimi sikufanya kazi ya kweli, nilikuwa wa kujitolea kambini tu." Basi nakuambia wazi: kama uliwahi kumsomea mtu fomu ya ridhaa, kupima watoto uzito, kutafsiri kati ya daktari na mgonjwa, kuandika majina kwenye daftari la zahanati, au kuzunguka nyumba kwa nyumba na maswali ya utafiti, ulikuwa ndani ya kazi ya tiba au ya utafiti. Anayesoma fomu yako hajali kama ulilipwa mshahara au posho ya sabuni.

Kikwazo cha pili ni neno lenyewe. Wengi wakisikia mtanziko wa kimaadili hufikiri wanaulizwa kuhusu uovu waliouona. Wanaandika kuhusu mwenzao aliyeiba dawa, au mkubwa aliyedai hongo. Hayo ni makosa, lakini hayana mtanziko ndani yake. Jibu lake unalijua tangu mwanzo; kinachoweza kukosekana ni ujasiri. Mtanziko ni pale unapoona pande mbili, kila upande una haki yake, na wowote utakaouchagua kuna mtu atapungukiwa. Kabla ya kuandika, chukua ule upande ambao hukuuchagua na uutetee kwa sentensi mbili, kwa moyo wote, kana kwamba ni wako. Ukishindwa kabisa, kisa hicho hakifai. Tafuta kingine.

Ili somo lisielee hewani, nitachukua kisa kimoja na kukifuata mpaka mwisho. Nimechagua chanjo ya Ebola ya mashariki ya Kongo, kwa kuwa baadhi ya familia zinazosoma jarida hili zilikuwapo, na kwa kuwa ndani yake utafiti na tiba vilikuwa kitu kimoja. Mwombaji nitakayemzungumzia nimemtunga mimi. Mambo ya chanjo yenyewe ni ya kweli.

Mlipuko ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini, ukaenea mpaka Ituri, na ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Chanjo ilianza kutolewa wiki moja tu baada ya mlipuko kutangazwa, na mpaka mwisho zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Ni chanjo ileile ambayo leo inaitwa Ervebo. Lakini mwaka 2018 ilikuwa bado haijapewa kibali cha kawaida. Ilitolewa chini ya mwongozo wa utafiti, uliopitishwa na kamati ya maadili, na kila anayechanjwa alipaswa kwanza kusomewa maelezo na kutoa ridhaa yake. Hicho ndicho kinachoifanya kazi ile kuwa ya utafiti, hata kama wewe uliyekuwa pale uliona sindano na foleni tu.

Chanjo ilitolewa kwa mtindo wa duara. Mgonjwa mmoja akithibitishwa, timu iliwatafuta watu wote waliokaribiana naye, kisha watu waliokaribiana na hao, ikawachanja, ili kirusi kikitaka kutoka kikute ukuta pande zote. Timu ilikuwa na mtu wa kuandikisha, mtu wa kusoma maelezo ya ridhaa kwa lugha ya watu, mchanjaji, na mtu wa kuwaangalia waliochanjwa kwa dakika 30 kabla hawajaondoka. Pamoja na hayo, kila aliyekaribiana na mgonjwa alifuatiliwa siku 21, akipimwa joto na kuulizwa hali yake.

Mtanziko wetu unaanzia kwenye orodha ya wasioruhusiwa. Mwanzoni, wajawazito na mama wanaonyonyesha waliachwa nje. Sababu haikuwa dharau. Chanjo hii ina kirusi hai, si cha Ebola bali cha aina nyingine kilichobadilishwa, na kirusi hicho huzaana kidogo mwilini ili kuamsha kinga. Hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuhusu kinachompata mtoto aliye tumboni, au kama kitu chochote kinapita kwenye maziwa ya mama. Mtoto hawezi kutoa ridhaa, na kanuni za utafiti huwa kali kwa asiyeweza kujisemea.

Sasa mweke mwombaji wetu hapo, katika wilaya ya Beni, miezi michache baada ya mlipuko kuanza. Yeye ndiye msomaji wa ridhaa. Anakuja mama mwenye mtoto mgongoni. Shemeji yake, waliyekuwa wakiishi nyumba moja, amethibitishwa kuwa na Ebola na amepelekwa kwenye kituo cha matibabu. Mama huyu alimfulia nguo. Akisomewa orodha na kufika kwenye swali la kunyonyesha, ananyamaza, kisha anasema kwa sauti ya chini: "Dada, andika tu kwamba sinyonyeshi. Wewe ni wa kwetu. Nikifa, huyu mtoto atanyonya kwa nani?"

Simama hapo kidogo. Kabla ya kuandika alichofanya mwombaji, tuzipime pande zote mbili, maana sehemu hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo msomaji wa fomu anaitafuta.

Upande wa mama una nguvu kubwa. Hatari iliyo mbele yake ni ya Ebola, ugonjwa ambao katika mlipuko ule uliua zaidi ya nusu ya walioupata, na amegusa nguo za mgonjwa kwa mikono yake. Hatari ya chanjo kwa mtoto haijulikani, na isiyojulikana si lazima iwe kubwa. Tena mtoto anayelindwa na kanuni hii ndiye atakayeambukizwa wa kwanza mama akiugua. Mama ni mtu mzima, ameelewa, anaomba mwenyewe. Na kuna jambo la haki: ukiwaacha wanawake hawa nje ya utafiti kwa sababu hakuna ushahidi, mwaka ujao bado hakutakuwa na ushahidi, na bado wataachwa nje. Wapo wataalamu wa maadili waliolisema hili waziwazi wakati ule ule.

Upande wa fomu nao una nguvu, na hapa wengi huishia kusema "sheria ilikataza," jambo ambalo halimwambii msomaji chochote. Jiulize uongo ule ungefanya nini baada ya kuandikwa. Chanjo hii mara nyingi huleta homa, kuumwa kichwa na maumivu ya viungo katika siku za mwanzo. Homa ni dalili ya Ebola pia. Mama huyu akipata homa siku ya pili, muuguzi atafungua karatasi yake ili aamue kama ni sindano au ni ugonjwa, na kama mtoto atenganishwe naye. Karatasi itamwambia hakuna mtoto anayenyonya. Mtoto akiugua, hakuna atakayejua kwamba alinyonya kwa mama aliyechanjwa, na hivyo lile jambo ambalo dunia nzima ilihitaji kulijua kuhusu maziwa na chanjo litakuwa limetokea bila kuandikwa. Kisha kuna mtaa. Watu wa eneo lile hawakuziamini timu za Ebola, na uvumi ulikuwa mwingi. Ikisikika kwamba msomaji wa ridhaa humwandikia uongo anayemfahamu, kesho nani ataamini anachosomewa?

Umeona sasa kwamba haya si mapambano ya mwema na mbaya. Pande zote mbili zinampenda mtoto yule yule.

Mwombaji wetu afanye nini? Si kazi ya msomaji wa ridhaa kuamua peke yake nani achanjwe. Lakini si kazi yake pia kumfungia mama mlango na kumwita anayefuata. Kati ya hayo mawili kuna nafasi pana. Anaweza kumwambia mama waziwazi kwamba hataandika uongo, na kumpa sababu kwa lugha ya nyumbani. Anaweza kumwomba ruhusa ya kulipeleka swali lake kwa kiongozi wa timu, hapo hapo. Anaweza kuhakikisha kwamba mume, mama mkwe na majirani wanaostahili wanachanjwa wote, ili mama mwenyewe awe katikati ya ukuta hata kama hana sindano. Anaweza kusimamia jina lake liingie kwenye orodha ya siku 21, na kumfundisha aende wapi homa ikianza, saa ile ile. Na anaweza kudai swali la mama liandikwe kwenye ripoti ya siku, kwa sababu ripoti husomwa na watu ambao mama yule hatawahi kuwaona.

Mwaka 2019 mwongozo ulibadilishwa. Washauri wa Shirika la Afya Duniani na wakuu wa Kongo walipima upya, na mama wanaonyonyesha wakaruhusiwa, pamoja na wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza. Mwombaji asitumie habari hii kujisifu kwamba alikuwa sahihi mapema, wala asidai kwamba swali lake ndilo lililobadilisha mwongozo. Hajui hilo. Hata baada ya badiliko, miezi mitatu ya kwanza ya mimba ilibaki nje, ishara kwamba mizani ile iliendelea kuwa na vichwa viwili.

Sasa tuandike. Hili ni jibu la kwanza ambalo mtu wa kawaida angeliandika:

"Nilifanya kazi katika timu ya chanjo ya Ebola. Hali ilikuwa mbaya sana, kulikuwa na vita na watu walikuwa wanakufa kila siku. Mama mmoja alilia akiomba chanjo lakini sheria ilikataza. Niliumia sana moyoni. Nilifuata sheria kwa sababu mimi ni mwaminifu. Nilijifunza kwamba uaminifu ni muhimu sana katika kazi ya afya."

Hakuna neno la uongo hapo. Lakini ona kilichokosekana. Vita vimechukua sentensi nzima, ingawa havikuulizwa. Msomaji anaachwa na huruma kwako, na huruma haimpi mtu kazi. Sheria imetajwa bila sababu yake, kwa hiyo haionekani kama mwombaji aliielewa. Hakuna alichofanya isipokuwa kukataa. Na alichojifunza angeweza kukiandika bila kisa chochote. Ukifunika sehemu ya juu kwa kiganja na sentensi ya mwisho bado inafaa kwa kisa kingine chochote, basi sentensi hiyo haijajifunza kitu kutoka kwa kisa chako.

Na hili ni jibu baada ya kazi:

"Mwaka 2018 nilikuwa msomaji wa fomu za ridhaa katika timu ya chanjo ya Ebola mashariki ya Kongo. Chanjo ilikuwa bado chini ya utafiti, na mwongozo wa wakati ule haukuruhusu mama anayenyonyesha kuchanjwa. Mama mmoja aliyeishi na mgonjwa aliniomba niandike kwamba hanyonyeshi.

Nilivutwa na pande mbili. Hatari ya Ebola kwake ilikuwa wazi, na alikuwa mtu mzima aliyeelewa anachoomba. Lakini chanjo ina kirusi hai, haikujulikana kama kinamfikia mtoto kwa maziwa, na kama mama angepata homa baada ya sindano, muuguzi angetegemea fomu yenye uongo.

Sikuandika. Nilimwambia hivyo waziwazi na kumweleza sababu. Kwa ruhusa yake nilimwita kiongozi wa timu. Tuliwachanja watu wa nyumbani kwake waliostahili, tukamwandikisha afuatiliwe siku 21, na kiongozi akaliandika swali lake kwenye ripoti ya siku. Mama aliondoka na hasira, na sikumlaumu.

Nilijifunza kwamba nikikataa ombi la mgonjwa, kazi yangu kwake haijaisha. Natakiwa kutafuta kile ninachoweza kumpa. Nilijifunza pia kwamba kanuni ya kulinda inaweza kumwacha nje aliye hatarini zaidi, na kwamba mahali pa kuihoji ni kwa msimamizi na kwenye ripoti, si kwenye karatasi ya mgonjwa. Katika kazi ya msaidizi wa uuguzi, mgonjwa akiniomba nifiche jambo, nitamweleza mapema nisichoweza kuficha, nitamjulisha muuguzi msimamizi, na nitaandika kilichotokea."

Jibu hili lina maneno kama 200 kwa Kiswahili. Usiliongeze. Kitenzi chetu kimoja hubeba mzigo wa maneno mengi. "Sikumwandikia" peke yake hugeuka maneno sita kwa Kiingereza. Ukianza na 300 kwa Kiswahili utajikuta unakata mwishoni, na watu wakikata huanza kukata sehemu ya pande mbili, ambayo ndiyo moyo wa jibu. Kama nafasi haitoshi, punguza maelezo ya mwanzo kwanza.

Angalia pia sentensi ile, "Mama aliondoka na hasira, na sikumlaumu." Watu huniambia niifute, wanataka mwisho mwema: mama akashukuru, mtoto akapona. Iache. Katika mtanziko wa kweli kuna mtu anayepungukiwa, na msomaji mwenye uzoefu wa wodini anajua hivyo. Kisa ambacho kila mtu ameondoka akitabasamu humfanya aulize kama kilitokea.

Jambo la siri lataka uangalifu. Umeona kwamba jibu halikutaja mji, wala mtaa, wala mwezi, wala cheo cha mume, wala lile la shemeji. Sisi tuliozoea kumtambulisha mtu kwa ukoo wake tunaona kuficha hivyo ni kama kupunguza ukweli. Lakini ukiandika "mke wa mchungaji wa kanisa fulani huko Mangina," nusu ya watu wa Mangina waliopo Sydney wanajua ni nani, na huenda mmoja wao ndiye mkalimani atakayeitwa kwenye usaili wako. Hapa New South Wales ipo sheria ya mwaka 2002 inayolinda taarifa za afya za watu, na waajiri wa afya huishika kwa mikono miwili. Ukimtaja mgonjwa wa zamani kwa wepisi, umewaonyesha jinsi utakavyomtaja wa kwao.

Wala usikiazime kisa hiki kama hukuwa kwenye chanjo. Anayeuliza anaweza kuuliza swali dogo tu, kama vile watu walikaa muda gani baada ya sindano, na macho yako yatajibu kabla ya mdomo. Unacho chako. Kwa mfano, wengine wenu mlifanya kazi ya kukusanya maswali ya utafiti kambini, Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. Mnakumbuka yule mzee aliyekubali kujibu kila kitu, kisha mwishoni akauliza, "Basi hii itasaidia faili yangu ya kusafiri?" Alikubali kwa kuamini jambo ambalo si kweli. Ukimweleza vizuri tangu mwanzo kwamba utafiti hauhusiani na safari, baadhi ya watu watakataa na idadi yako ya siku haitatimia. Ukinyamaza, umepata jibu lakini hukupata ridhaa. Na katikati yupo mzee mwenyewe, anayetamani kusikilizwa na yeyote, hata kama safari haipo. Humo mna mtanziko kamili wa utafiti, na wasomaji wengi wa fomu hapa Sydney hawajawahi kuusikia ukielezwa na mtu aliyeshika kalamu.

Nimalizie na usaili wa mdomo. Huko hawataridhika na kisa, watakigeuza. Wanaweza kusema: "Tuseme alikuwa amekwisha kuchanjwa, ndipo ukagundua ananyonyesha. Ungefanya nini?" Usitafute wa kulaumu. Unatoa taarifa kwa kiongozi siku ile ile, unasahihisha kumbukumbu bila kufuta ya zamani, na unaomba mama na mtoto wote wawili wafuatiliwe kwa karibu. Mama aliyesema uongo kwa kuogopa kufa hatakiwi kupoteza huduma kwa sababu ya uongo ule.

Au: "Kama kiongozi wa timu ndiye angekuambia uandike uongo?" Hapo mtanziko umekwisha na limebaki kosa, na ni vizuri kusema hivyo hivyo: kwamba ungekataa kwa adabu, na kumfikia aliye juu yake. Wanataka kuona kama unatofautisha mambo hayo mawili.

Au watakuleta huku: "Mgonjwa wa Kiswahili hospitalini anakuomba umtafsirie kwa daktari, na binti yake anakuomba usimtajie mama neno saratani. Wewe ni msaidizi wa uuguzi." Hili linawapata watu wetu kweli, kwa kuwa ndiye pekee wodini anayejua lugha. Jibu lianze na mipaka ya kazi yako. Hukuajiriwa hapo kama mkalimani, na kwa habari nzito kama hiyo hospitali inatakiwa kumwita mkalimani wa kitaalamu, awe wa huduma ya hospitali au wa simu kupitia 131 450. Mkalimani huyo naye amefungwa na kanuni zake: hutafsiri kila kinachosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha usiliache ombi la binti likipotea hewani. Mwambie muuguzi msimamizi kwamba familia ina hofu hiyo, ili daktari amuulize mama mwenyewe, kabla ya kumpa majibu, anapenda kuambiwa kiasi gani na nani awepo anapoambiwa. Mama anaweza kusema anataka yote. Anaweza pia kusema aambiwe mwanangu. Vyote viwili ni haki yake, na binti atakuwa amesikilizwa bila kumfichia mama kwa siri.

Na mara nyingine swali la mwisho ni fupi: "Una uhakika ulifanya sawa?" Unaweza kujibu kwamba kuhusu kutokuandika uongo una uhakika, na kuhusu mama yule kukosa sindano siku ile huna. Kisha nyamaza, usubiri swali linalofuata.